"Fikiri Hatua kwa Hatua": Agizo Linaposaidia na Linapoongeza Maneno Tu

"Fikiri hatua kwa hatua" ni agizo ambalo watumiaji wengi wa akili mnemba hulipachika mwishoni mwa karibu kila swali. Anayetafuta faida ya biashara yake hulipachika. Anayeuliza mji mkuu wa nchi fulani hulipachika. Hata anayetaka kuandikiwa barua ya kuomba likizo hulipachika, kwa kuwa amesikia kwamba maneno hayo manne huiongezea mashine akili. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa aina moja ya kazi, na kwa kazi hiyo tofauti huwa kubwa. Kwa kazi nyingine agizo hilo hurefusha jibu bila kuliboresha, na zipo kazi ambazo hatua huharibu jibu ambalo lingetoka sahihi kama mashine ingejibu moja kwa moja. Kwa hiyo maswali ya mazungumzo haya ni matatu: hatua husaidia kwa sababu gani, huacha kusaidia wapi, na mtu atajuaje kwamba yuko upande gani?

Kwanza, chimbuko lake. Mwezi Januari 2022, Jason Wei na wenzake wa kampuni ya Google walitoa makala kuhusu mbinu waliyoiita mnyororo wa fikra. Walichukua modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno ili ibashiri neno linalofuata, wakaipa mifano minane ya hesabu za maneno. Kila mfano ulikuwa na swali, kisha njia ya kulitatua iliyoandikwa kwa sentensi za kawaida, kisha jibu. Baada ya mifano hiyo ndipo swali jipya likaulizwa. Kwenye mtihani wa hesabu za shule uitwao GSM8K, modeli ya PaLM iliyokuwa ikipata takriban maswali 18 kati ya 100 ilipanda hadi takriban 57. Modeli haikufunzwa upya. Kilichobadilika ni mifano iliyotangulizwa mbele ya swali, basi.

Miezi michache baadaye, Mei 2022, Takeshi Kojima wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake walionyesha kwamba hata mifano si lazima. Waliweka mwanzoni mwa jibu sentensi moja ya Kiingereza yenye maana ya "tufikiri hatua kwa hatua", wakaiacha modeli iendelee kutoka hapo. Kwenye mtihani mmoja wa hesabu, alama zilipanda kutoka karibu 18 hadi karibu 79 kati ya 100. Ndipo sentensi hiyo ikaenea kama dawa ya kila ugonjwa.

Bahati mbaya, kilichoenea ni nusu ya habari. Makala ya Wei yenyewe ilisema kwamba modeli ndogo hazikunufaika: ziliandika hatua zinazosomeka vizuri, zenye sarufi safi, lakini mantiki yake ilikuwa potofu. Nayo makala ya Kojima ilionyesha kwamba kwenye maswali ya ujuzi wa kawaida wa maisha, sentensi ile haikuleta nyongeza. Mipaka ya mbinu hii ilijulikana tangu siku zake za mwanzo.

Sasa, kwa nini hatua husaidia pale zinaposaidia? Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Modeli ya lugha huandika kipande kimoja baada ya kingine. Kipande hicho huitwa tokeni. Kinaweza kuwa neno zima, silabi au tarakimu chache. Ili kutoa tokeni moja, modeli hupitisha kila kilichokwisha kuandikwa katika tabaka za mahesabu, na idadi ya tabaka hizo haibadiliki. Swali likiwa jepesi au gumu, kazi inayofanyika kwa tokeni moja ina kikomo kilekile. Modeli haiwezi kusita kidogo ikapiga hesabu pembeni kabla ya kutoa tarakimu ya kwanza ya jibu.

Lakini inaweza kuandika. Na kila inachokiandika huwa sehemu ya maandishi itakayoyasoma kabla ya kutoa tokeni inayofuata. Kwa hiyo hatua zilizoandikwa hufanya kazi ya karatasi ya rafu kwenye mtihani wa hesabu: jibu la katikati huwekwa pale, kisha huchukuliwa na kutumiwa na hatua ijayo. Swali ambalo jibu lake haliwezi kupatikana bila majibu ya katikati linahitaji rafu. Swali lisilo na majibu ya katikati halina cha kuandika kwenye rafu hiyo.

Mfano mmoja utalifafanua jambo hili. Mama ntilie amenunua mchele kilo 20, kila kilo shilingi 2,800. Kilo moja ya mchele humpatia sahani 7. Kila sahani, pamoja na maharage, anaiuza shilingi 2,000. Maharage, mafuta na mkaa vimemgharimu jumla ya shilingi 124,000. Jioni sahani 10 zimebaki bila mnunuzi, akawapa majirani. Amepata faida kiasi gani?

Modeli ikiagizwa itoe namba tu, tarakimu ya kwanza inayoandikwa ni sehemu ya jibu la mwisho. Bei ya mchele, idadi ya sahani, mauzo na gharama, vyote vinapaswa kuwa vimekwisha kufanyika ndani kwa ndani kabla ya tarakimu hiyo kutoka. Kosa ambalo mtu angelitarajia hapa ni jibu la shilingi 100,000. Ni namba ya kuvutia, ya mviringo, na ndiyo inayopatikana mtu akisahau zile sahani 10 zilizogawiwa majirani.

Ikiachwa iandike, kazi inagawanyika. Mchele ni kilo 20 mara 2,800, yaani shilingi 56,000. Sahani ni 20 mara 7, yaani 140. Zilizouzwa ni 140 toa 10, yaani 130. Mauzo ni 130 mara 2,000, yaani shilingi 260,000. Gharama zote ni 56,000 jumlisha 124,000, yaani 180,000. Faida ni 260,000 toa 180,000, yaani shilingi 80,000. Hakuna hatua hata moja hapo iliyo ngumu. Ugumu wote ulikuwa katika kuzibeba zote kwa mara moja, na mzigo huo sasa umewekwa kwenye maandishi.

Je, basi ni urefu wa jibu unaosaidia? Hili ni swali zuri, na Wei na wenzake walilijaribu. Waliiagiza modeli iandike mfululizo wa nukta tupu kabla ya jibu, nukta zenye urefu sawa na hesabu iliyohitajika. Modeli ikapata nafasi ileile ya kuandika, lakini bila chochote cha maana ndani yake. Matokeo hayakupanda, yalibaki karibu na yale ya kujibu moja kwa moja. Wakajaribu pia kugeuza mpangilio, jibu litangulie na maelezo yafuate. Hapo pia hakukuwa na nafuu ya kutajika.

Majaribio hayo mawili yanastahili kukumbukwa kuliko alama zote zilizotajwa hapo juu. La kwanza linaonyesha kwamba faida inatokana na majibu ya katikati yaliyo ndani ya maandishi, siyo na wingi wa maandishi. La pili linaonyesha kwamba mpangilio ni jambo la msingi. Modeli ikikwisha kuandika kwamba faida ni shilingi 100,000, hatua zinazofuata haziwezi kurudi nyuma kuisaidia namba hiyo. Zitakachofanya ni kuitetea. Na hapa watumiaji wengi hukosea bila kujua: huandika "nipe jibu, kisha eleza hatua kwa hatua." Hilo ni ombi la maelezo. Kama lengo ni usahihi, mpangilio ni hatua kwanza, jibu mwisho, na jibu likae kwenye mstari wake ili lionekane.

Tuseme basi kwamba kanuni imeeleweka: hatua hufaa pale jibu linapojengwa juu ya majibu mengine. Ni wapi ambapo hatua huacha kufaa?

Pa kwanza ni maswali ya kukumbuka. Ziwa Tanganyika linapakana na nchi ngapi? Ama modeli imejifunza kwamba ni nne, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ama haikujifunza. Kuorodhesha nchi hizo kabla ya kuzihesabu kunaweza kusaidia kidogo, kwa sababu kuhesabu ni hatua. Lakini kwa swali la kukumbuka jambo lenyewe, kama vile mwaka wa tukio au jina la mtu, hakuna hesabu ya kuandika kwenye rafu. Modeli isiyojua, ikilazimishwa ifikiri, itazunguka na kukisia, na kila kisio likiandikwa huwa msingi wa kisio jingine. Msomaji hupewa aya tatu za maelezo yenye uhakika wa sauti juu ya jambo ambalo lilihitaji neno moja: haijulikani.

Zayne Sprague na wenzake walilipima jambo hili kwa upana mwaka 2024. Walipitia zaidi ya makala 100 zilizotumia mnyororo wa fikra, kisha wakaendesha majaribio yao wenyewe kwa modeli 14. Waliona kwamba nyongeza kubwa iko kwenye hesabu na kwenye mantiki ya alama. Kwingine ni ndogo au haipo. Ugunduzi wao unaokaa kichwani kwa urahisi zaidi unahusu mtihani mmoja wa maswali ya kuchagua ya masomo mengi, uitwao MMLU. Karibu nyongeza yote iliyoletwa na hatua ilitoka kwenye maswali ambamo swali lenyewe, au jibu la modeli, lilikuwa na alama ya =. Maswali yasiyo na alama hiyo yalijibiwa karibu sawasawa, na hatua au bila hatua. Kipimo hicho hakina makuu, lakini mtu anaweza kukitumia akiwa mezani kwake: je, njia ya kufikia jibu hili ina mahali pa kuandika alama ya sawasawa?

Pa pili ni kazi za kutambua kwa mtazamo wa jumla, kama kuainisha ujumbe wa wateja. Chukua ujumbe huu: "Hongereni kwa huduma ya kasi, nimekaa foleni saa nne tu." Mswahili yeyote anausikia mara moja kwamba ni lawama iliyovishwa kanzu ya sifa. Modeli kubwa nayo, ikiulizwa moja kwa moja kama ni sifa au lawama, huenda ikausikia hivyohivyo. Lakini ikilazimishwa kuuchambua kipande kwa kipande, inaweza kuanza hivi: neno "hongereni" ni pongezi, maneno "huduma ya kasi" ni sifa, neno "tu" linaonyesha kwamba muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo mteja ameridhika. Kila hatua ina sura ya ukweli. Maana ya ujumbe ilikuwa kwenye mgongano kati ya sehemu zake, na uchambuzi ulizitenganisha sehemu hizo kabla mgongano haujaonekana.

Ushahidi wa madhara ya aina hii upo. Mwaka 2024 Ryan Liu na wenzake walichukua kazi ambazo wanasaikolojia walikwisha kuonyesha kwamba binadamu huzifanya vibaya zaidi akitakiwa afikiri kwa maneno, wakaziweka mbele ya modeli. Mojawapo ilikuwa ya mfuatano wa herufi uliotungwa kwa kanuni iliyofichwa. Mshiriki huonyeshwa mifano, kisha huulizwa kama mfuatano mpya ni wa ukoo uleule. Modeli ya o1-preview, iliyotengenezwa ifikiri kwa hatua, ilipata alama pungufu kwa zaidi ya 36 kati ya 100 ikilinganishwa na GPT-4o iliyojibu moja kwa moja. Kupungua huko kunaweza kuelezwa hivi. Kanuni iliyofichwa haikuwa rahisi kutamkwa, hivyo modeli iliyolazimika kuitamka huenda ilibuni kanuni nyingine iliyo rahisi kusemeka, kisha ikaifuata hiyo.

Pa tatu ni pale hatua zenyewe zinapokuwa nyingi mno. Hapa hesabu ndogo inatosha. Tuseme kila hatua ina nafasi ya kuwa sahihi mara 95 kati ya 100, na kosa moja likiingia halirekebishwi. Kwa hatua 5, mnyororo mzima hutoka salama mara 77 hivi kati ya 100. Kwa hatua 20, ni mara 36 tu. Kwa hiyo kuiagiza modeli "eleza kila kitu kwa kina zaidi" kwenye hesabu inayomalizika kwa hatua sita ni kuiongezea mahali pa kujikwaa. Kuzidisha namba mbili zenye tarakimu nyingi ni mfano unaojulikana: kanuni ni ileile ya shule ya msingi, lakini hatua ni nyingi, kosa dogo la kubeba tarakimu linaingia mapema, na kila kinachofuata hurithi kosa hilo. Kwa kazi ya namna hiyo, dawa si hatua zaidi. Modeli iandike programu fupi au itumie kikokotoo, na kompyuta ipige hesabu. Hatua za lugha zibaki kwenye kazi ya kuamua nini kizidishwe na nini.

Kuna pia tatizo la nne, ambalo halitokani na hatua bali hatua hulificha: swali likisomwa vibaya mwanzoni. Wanaotumia Kiswahili wana mfano wao wenyewe. Boti imeondoka Dar es Salaam saa moja na nusu asubuhi. Ilipofunga gati Unguja, saa ya abiria kwenye simu ilionyesha 9:30. Safari ilichukua muda gani? Jibu ni saa mbili, kwa kuwa saa moja na nusu asubuhi ni 7:30 kwa saa ya simu. Modeli iliyozoea maandishi ya Kiingereza inaweza kusoma "saa moja na nusu" kama 1:30, kisha ikaandika kwa mpangilio mzuri: kutoka 1:30 hadi 9:30 ni saa nane. Kutoa kumefanyika sawasawa. Hatua zimepangika. Anayeangalia hatua pekee hataona doa, kwa sababu kosa liko kwenye mstari wa kwanza, ule unaolirudia swali. Ndiyo maana mkaguzi mzuri huanza na mstari huo: modeli imelisoma swali gani?

Na hapa linazuka swali jingine la wasikilizaji wa Kiswahili. Hatua ziandikwe kwa lugha ipi? Mwaka 2022 Freda Shi na wenzake walitafsiri maswali 250 kutoka GSM8K kwenda lugha kumi, Kiswahili kikiwamo, wakajaribu modeli kubwa kwa hatua za lugha husika na kwa hatua za Kiingereza. Modeli ziliweza kufikiri kwa hatua hata kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni. Lakini kwa ujumla, hatua za Kiingereza zilifanya vizuri sawa au zaidi, hata pale swali lilipoulizwa kwa lugha nyingine. Modeli zimebadilika sana tangu wakati huo, hivyo jambo hilo linafaa kupimwa upya kwa kila modeli. Kiswahili pia kwa kawaida hukatwakatwa kwenye tokeni nyingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo hatua za Kiswahili huchukua muda na gharama zaidi pale malipo yanapohesabiwa kwa tokeni. Hata hivyo, anayetakiwa kukagua hatua ni msomaji. Hatua zilizo katika lugha asiyoimudu zina faida gani kwake?

Ukaguzi huo una mtego wake, nao unastahili kusimuliwa polepole. Watu hudhani hatua zilizoandikwa ni dirisha la kuona jinsi modeli ilivyofikia jibu. Mwaka 2023 Miles Turpin na wenzake waliijaribu dhana hiyo. Walizipa modeli mifano ya maswali ya kuchagua, na kwa makusudi wakapanga majibu ya mifano yote yawe herufi A. Kisha wakauliza swali jipya ambalo jibu lake sahihi halikuwa A. Modeli zilivutwa kuelekea A mara nyingi, na kwenye hatua zao hazikutaja ule mpangilio uliozivuta. Badala yake zilitoa sababu za kupendeza kuhusu maudhui ya swali. Yaani jibu lilitokana na jambo moja, maelezo yakazungumza jambo lingine.

Maana yake si kwamba hatua zote ni uongo. Kwenye hesabu ya mama ntilie, jibu haliwezi kufikiwa kirahisi bila hatua, hivyo hatua zina kazi ya kweli. Kwenye swali ambalo modeli ingeweza kulijibu bila hatua, hakuna kinachozilazimisha hatua kuwa chanzo cha jibu. Zinaweza kuwa utetezi uliotungwa kwa ajili ya jibu lililokwisha kuegemewa. Kwa hiyo mahali ambapo hatua haziongezi usahihi ndipo pia zisipostahili kuaminiwa sana kama maelezo, na kwa masikitiko ndipo zinapomshawishi msomaji zaidi, kwa kuwa hakuna hesabu anayoweza kuirudia mwenyewe.

Mtu atajuaje basi kama hatua za modeli zinabeba jibu? Watafiti wa kampuni ya Anthropic, katika makala iliyoongozwa na Tamera Lanham mwaka 2023, walitumia njia ambazo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuziiga. Huchukuliwa hatua ambazo modeli imeandika, kosa likaingizwa katikati, kisha modeli ikaagizwa iendelee kutoka hapo. Kwenye mfano wa mchele, sahani zilizouzwa zibadilishwe ziwe 120 badala ya 130. Kama hatua ndizo zinazobeba jibu, ama faida itashuka hadi shilingi 60,000, ama modeli italigundua kosa na kulitaja. Ikiendelea kusema 80,000 bila kutaja chochote, basi jibu lilitoka kwingine. Njia nyingine ni kuzikata hatua mapema, modeli itoe jibu palepale. Jibu lisipobadilika hata zikikatwa mwanzoni, zilizobaki zilikuwa mapambo.

Kwa anayetaka kuamua tu kama aweke agizo hilo au asiweke, kipimo ni chepesi zaidi. Hukusanywa maswali kama 30 ya kazi ileile anayoifanya kila siku, ambayo majibu yake yanajulikana kwa hakika. Maswali hayo huulizwa bila agizo, kisha pamoja na agizo, kila mara kwenye mazungumzo mapya, na kila moja zaidi ya mara moja, kwa sababu modeli inaweza kutoa majibu tofauti kwa swali lilelile. Kisha hayahesabiwi tu yaliyoboreka. Yanahesabiwa pia yale yaliyokuwa sahihi bila hatua yakaharibika kwa hatua. Safu hiyo ya pili mara nyingi husahaulika, na wastani wa jumla huificha: maswali matano yakipona na manne yakiugua, wastani utaonyesha nafuu ya swali moja.

Kurudia swali kuna faida nyingine. Xuezhi Wang na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba modeli ikitoa minyororo kadhaa kwa swali moja la hesabu, na jibu linalojirudia zaidi likachukuliwa, usahihi hupanda kuliko kutegemea mnyororo mmoja. Sababu yake inaeleweka: njia sahihi hukutana kwenye namba moja, ilhali makosa hutawanyika kila moja kwa upande wake. Mnyororo ukitoa 80,000, mwingine 80,000, mwingine 100,000, kura imeamua. Lakini kura haisaidii kosa la kusoma swali, kama lile la saa ya boti, kwa kuwa minyororo yote inaweza kulisoma vibaya kwa namna ileile.

Limebaki jambo moja, nalo ni la modeli za kizazi kipya. Tangu OpenAI ilipotoa o1-preview Septemba 2024, na DeepSeek ya China ikafuata na R1 Januari 2025, zipo modeli zilizofunzwa ziandike hatua zenyewe kabla ya kujibu, bila kuombwa. Kwa modeli hizo, agizo la "fikiri hatua kwa hatua" ni kumwagiza mpishi awashe jiko akiwa tayari anakoroga. Watengenezaji wa R1 waliandika wazi kwamba hata kuiwekea mifano iliyotatuliwa, ile mbinu ya mwaka 2022, kulishusha matokeo yake. Wakashauri swali lielezwe moja kwa moja na muundo wa jibu utajwe. Tatizo linalojitokeza zaidi kwa modeli hizi ni la upande wa pili: huulizwa jambo dogo kama mbili jumlisha tatu, zikapata jibu kwenye mstari wa kwanza, kisha zikaendelea kulihakiki kwa njia hii na ile kwa mamia ya tokeni. Baadhi ya huduma humruhusu mtumiaji achague kiwango cha kufikiri, kidogo au kikubwa. Kwa kazi ya kuainisha ujumbe au kutafuta jina, kiwango kidogo kwa kawaida hutosha; kwa hesabu za gharama zenye masharti mengi, kikubwa hulipa muda wake. Na pale huduma inapoonyesha muhtasari tu wa hatua hizo badala ya hatua zenyewe, jaribio la kuingiza kosa katikati haliwezekani tena, lakini lile la maswali 30 linabaki vilevile.